Tangazo linalotafuta watu watatu kwa mshahara mmoja

Musome kwanza tangazo hili. Lilipita katika magrupu ya Watsapu ya hapa Bukavu, tena wengi wenu mulilituma kwa marafiki. Lilikuwa kwa Kifaransa. Hapa ninalitoa kwa Kiswahili, na jina la mwenye kulitoa nimeliacha nje.

«Kampuni yenye kuendelea inatafuta Asistanti wa Jumla. Awe na lisanse ya ekonomi ao komersi, umri wa miaka 22 mpaka 28, uzoefu wa miaka 5. Ajue vizuri sana Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili na Lingala. Ajue komputa. Awe na sura nzuri, avumilie presha, awe tayari kwa kazi zote atakazopewa. Mshahara wa kuvutia. Kuleta siivii, barua, diplome, picha na dola 5 za dosie.»

Tuanze na hesabu ya miaka, maana pale ndipo tangazo linaanguka lenyewe. Kijana aliyepata diplome ya Leta akiwa na miaka 18, akasoma miaka 5 ya mfumo wa zamani bila kurudia hata mwaka mmoja na bila mgomo wa walimu, anamaliza na miaka 23. Ukiongeza uzoefu wa miaka 5, anafika 28. Maana yake, kwa aliyesoma mfumo wa zamani, tangazo hili linamtafuta mtu mwenye umri mmoja tu. Akirudia mwaka mmoja, amepita. Kwa mfumo mpya wa LMD, wenye lisanse ya miaka 3, anapata nafasi kidogo zaidi, lakini ni kidogo kweli. Aliyeandika hakupiga hesabu. Alichukua vipande kutoka matangazo ya mashirika makubwa, akavishona pamoja.

Lakini hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni lile ambalo haliko kwenye karatasi. Hesabuni wenyewe: mambo manane yanaombwa kwa mtu, kuanzia diplome mpaka utayari. Na juu ya kazi yenyewe? Maneno mawili tu: «kazi zote». Hatujui atauza, ataandika, atabeba, ao atalinda. Na sisi, wenye diplome, tunaona neno «Asistanti», tunaona «kampuni», tunatuma siivii. Tunapenda cheo kuliko kujua tutafanya nini saa mbili ya asubuhi.

Kampuni yenyewe ni depo ya vifaa vya ujenzi huko Kadutu: simenti, mabati, misumari, vyuma vya beto. Mwenyewe ni mama mmoja, na wafanyakazi wake ni watatu: mdogo wake anayeshika keshi, na vijana wawili wa kubeba. Mimi na mwenzangu mmoja wa chama tulienda kumuona, kwa sababu alikuwa amepata dosie nyingi na hakumpata mtu. Aliyeingia wa mwisho alitoka kabla ya mwezi wa tatu.

Ninataka kuonyesha namna tangazo lile lilivyopangwa upya kwa sehemu nne: lengo la kazi, majukumu, ujuzi unaohitajika, na faida. Sehemu hizi munazijua, ziko katika kila mfano unaopatikana kwenye Intaneti. Jambo ambalo mifano haisemi ni kwamba hizi si sanduku nne za kujaza, kila moja peke yake. Ni mnyororo. Kila jukumu lazima litoke katika lengo. Kila ujuzi lazima utoke katika jukumu. Na faida lazima zijibu uzito wa majukumu. Mstari usio na mzazi unakatwa.

Lengo

Tulipomuuliza Mama lengo la kazi, alijibu: «Kusaidia kampuni iendelee.» Jibu hilo si baya, lakini halina kazi ndani yake. Hata sentinele wa usiku anasaidia kampuni iendelee. Kipimo chepesi ni hiki: ficha cheo, msomee mtu asiyejua kitu ile sentensi ya lengo. Akishindwa kubahatisha ni kazi gani, sentensi bado.

Basi tukageuza swali. «Mama, yule wa mbele alipoacha kazi, nini iliharibika ya kwanza?»

Hakufikiri hata kidogo. «Mifuko, mtoto wangu. Sikujua tena iko mifuko ngapi. Keshi inasema hivi, depo inasema vingine.»

Njo hapo lengo lilipotoka. Kwa mwajiri mdogo, swali la «nini iliharibika» linazaa kuliko swali la «unataka nini», kwa sababu mtu anakumbuka hasara yake vizuri kuliko ndoto zake. Tukaandika: «Kuhakikisha kwamba kila bidhaa iliyoingia depo inajulikana kila jioni iko wapi: imebaki ndani, imetoka na fakture, ao imeharibika.» Ni sentensi moja. Na ghafla Asistanti wa Jumla hayupo tena. Anayetafutwa ni mshika estoki.

Majukumu

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo vijana wengi wanapoumizwa. Tulimuomba Mama ataje kila kitu alichomuagiza yule wa mbele. Alitaja kumi na tatu: kupokea lori, kuhesabu, kuandika, kukaa kwa keshi mdogo wake akienda kula, kupeleka makuta benki, kupiga picha za mabati na kuziweka Fesibuku, kununua yuniti, kuchukua mtoto masomoni, na vingine vya namna hiyo.

Kisha tukauliza kila kimoja: wewe unatumikia lengo gani? Vikagawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni estoki. La pili ni makuta. La tatu ni kutumwa huku na kule. Watu watatu, mshahara mmoja. Mama hakuwa na nia mbaya; alikuwa hajawahi kuviona vikiwa vimeandikwa pamoja.

Fungu la tatu ni la kuudhi, lakini fungu la pili ndilo la hatari. Mtu anayeshika funguo ya depo hapaswi kushika keshi. Si kwa sababu ni mwizi. Ni kwa sababu siku kitu kikipotea, hakuna namna ya kujua kimepotelea wapi, na yeye mwenyewe hana namna ya kujitetea.

Tuchukue mfano wa siku moja. Asubuhi depo ina mifuko 120 ya simenti. Mchana kutwa, kwa keshi wanaandika fakture, na kwa mlango wa depo wanaandika boni ya kutoka. Jioni wanahesabu mifuko iliyobaki, wanapata 84. Yaani mifuko 36 imetoka.

Kama boni zinaonyesha 36 na fakture zinaonyesha 34, mifuko miwili imetoka bila kulipiwa kwa keshi. Swali liulizwe kwa keshi, na pia kwa mlango: nani aliruhusu itoke bila fakture? Kama boni zinaonyesha 34 na fakture 34, lakini iliyobaki ni 84, basi mifuko miwili ilipotea ndani ya depo, ao ilihesabiwa vibaya asubuhi. Swali ni la mshika estoki. Karatasi mbili, mikono miwili: tofauti yenyewe inakuonyesha mlango wa kugonga.

Sasa mpe mtu mmoja fakture na boni. Karatasi zote mbili zitakubaliana kila siku, kwa sababu zimeandikwa na kalamu moja. Mifuko miwili ikikosekana, Mama ataangalia uso wa yule mtu tu. Hivyo ndivyo yule wa mbele alivyotoka: makuta yalikosekana siku ambayo yeye alikaa kwa keshi saa moja, na hakuna karatasi iliyoweza kusema ni saa yake ao si yake. Pengine hakuiba. Hatutajua. «Kazi zote atakazopewa» zilimtoa kazini bila kesi.

Mwajiri mdogo atasema: mimi sina uwezo wa kulipa watu wawili. Ni kweli, na jibu si lazima liwe mtu wa pili. Mdogo wa Mama yuko tayari kwa keshi. Akienda kula, keshi inafungwa nusu saa, ao Mama mwenyewe anakaa. Kinachotakiwa ni mstari mmoja katika majukumu: «Hashiki keshi, hata kwa muda.» Jukumu linaweza pia kusema mtu hatafanya nini.

Majukumu yaliyobaki yalikuwa matano. Tuliyaandika kwa vitenzi vinavyoonekana: kupokea, kuhesabu, kuandika, kupanga. Tuliacha vitenzi kama «kuchangia» na «kushiriki», ambavyo hakuna anayeweza kusema vimefanyika ao havikufanyika. Na kila jukumu tulilipa wakati wake: kila lori, kila jioni, kila mwisho wa mwezi.

Ujuzi

Sasa tunarudi kwa mambo manane, tunauliza kila kimoja: jukumu lako liko wapi? Sura nzuri haina jukumu, imekatwa. Umri hauna jukumu, umekatwa. Kuvumilia presha ni maneno ya kufunika: kama kuna presha, sema ni gani. Hapa ilikuwa lori kufika saa kumi na moja jioni, wakati watu wanafunga. Basi andika hivyo.

Kiingereza: fakture za depo ni za Kifaransa, wateja wanaongea Kiswahili. Kimekatwa. Lingala vilevile. Na kwa habari ya lugha, wandugu, tuwe waangalifu. Wateja wanaotoka Kabare na Walungu, wengine wanaongea Mashi, na mwajiri anaweza kutaka kuandika Mashi kama sharti. Kama mtu huyu angekuwa anauza kwa mlango, ingeweza kuwa ziada ya kweli. Lakini mshika estoki anaongea na madereva na vijana wa kubeba, ambao wote wanaongea Kiswahili. Lugha isiyo na jukumu, mara nyingi ni kabila lililovaa koti.

Sasa lile ambalo halitapendeza hapa kwetu: lisanse. Kuhesabu mifuko, kujaza fishi za estoki, kulinganisha karatasi mbili na kuweka jedwali dogo katika Excel havihitaji lisanse. Mwenye diplome ya Leta ya komersi anaweza. Najua tutasema tunafungiwa mlango. Mimi ninaona kinyume. Mlango wa kweli unafungwa pale mwenye lisanse anapoingizwa kwa kazi ya mshika estoki kwa cheo cha Asistanti, anangojea kazi ya ofisi ambayo haipo, na mwezi wa tatu anatoka na kinyongo. Mwenye lisanse anaweza kuomba kazi hii, lakini aiombe akijua ni nini.

Uzoefu wa miaka 5 tuliugeuza kuwa jaribio la nusu saa. Mtu anapewa kona ya depo yenye mabati ya vipimo viwili vilivyochanganyika na fishi tupu. Ahesabu, aandike, kisha apewe boni na fakture za siku moja aseme kama zinakubaliana. Jaribio hilo linaonyesha ujuzi kuliko barua ya miaka 5, na kijana aliyemaliza juzi ana haki ya kulifaulu.

Faida

«Mshahara wa kuvutia» unamvutia nani? Mwajiri anaficha kiasi kwa sababu anaogopa majirani, ao anataka kuona wewe utasema ngapi. Matokeo yake, anapoteza siku mbili akiongea na watu ambao hawatakubali kamwe. Mama alikubali kuandika kiasi, na kuandika kwamba mshahara unahesabiwa kwa dola lakini unalipwa kwa franka, kwa kiwango cha siku ya malipo. Mstari huo wa kiwango unaondoa ugomvi wa kila mwisho wa mwezi.

Kosa lingine la matangazo ni kuhesabu haki kama zawadi. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015-2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, imeweka tayari mambo mengi. Wiki ya kazi ni masaa 45. Majaribio lazima yaandikwe, na hayawezi kupita miezi 6. Kwa kibarua asiye na ufundi ni mwezi 1. Likizo kwa mtu mzima si chini ya siku 1 ya kazi kwa kila mwezi kamili. Matibabu yako kwa mwajiri. Na kuna CNSS: 18 kwa mia ya mshahara, 13 za mwajiri na 5 za mfanyakazi. Mwajiri anayeandika «tunakupa CNSS» katika faida ni kama mtu anayekukaribisha nyumbani kwako.

CNSS inabadilisha pia maana ya kiasi. Kwa mshahara wa dola 200 kabla ya kukata, dola 10 zinatoka kwako na 26 zinatoka kwa mwajiri. Kodi ya mshahara nayo inakatwa. Kwa hiyo tangazo liseme: kabla ya kukata ao baada? Kama halisemi, uliza.

Saa nazo zilikuwa na shida. Depo ilifungua saa moja na nusu mpaka saa kumi na moja, na saa moja ya kupumzika, siku sita. Hiyo ni masaa 8 na nusu mara 6, yaani 51. Sita zimezidi. Tulipanga: Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili mpaka saa kumi na moja na pumziko la saa moja, ni masaa 40, Siku ya Posho saa mbili mpaka saa saba, masaa 5. Inafika 45 kamili. Lori likichelewa, saa za ziada zinaandikwa na zinalipwa.

Baada ya haki ndipo faida zenyewe, na mwajiri mdogo anazo, ila haoni kama ni faida: chakula cha saa sita ambacho tayari anawapikia vijana, na mifuko ya simenti kwa bei ya kununulia kwa mfanyakazi anayejenga kwao. Zile dola 5 za dosie? Zilikatwa bila mjadala. Anayetafuta mtu wa kumfanyia kazi haombi makuta kwa mtu asiye na kazi.

Tangazo jipya

«Depo ya vifaa vya ujenzi, Kadutu, inatafuta Mshika estoki.

Lengo: Kuhakikisha kwamba kila bidhaa iliyoingia depo inajulikana kila jioni iko wapi: imebaki ndani, imetoka na fakture, ao imeharibika.

Majukumu: 1. Kupokea kila lori, kuhesabu na kusaini boni ya kuingia. 2. Kuandika boni ya kutoka kwa kila bidhaa, baada ya kuona fakture. 3. Kila jioni, kuhesabu simenti na mabati, na kulinganisha boni na fakture pamoja na mshika keshi. 4. Kupanga simenti juu ya mbao, mbali na ukuta, mifuko iliyoingia kwanza itoke kwanza, na kuandika iliyoganda. 5. Kila mwisho wa mwezi, kuhesabu estoki yote pamoja na mwenye depo. Hashiki keshi, hata kwa muda. Anajibu kwa mwenye depo.

Ujuzi: Diplome ya Leta, kuandika Kifaransa cha fakture, kuongea Kiswahili, hesabu bila makosa, jedwali dogo katika Excel (tunaweza kufundisha). Jaribio la nusu saa kwenye depo.

Mshahara na faida: Kiasi kabla ya kukata, kwa kiwango cha siku ya malipo. Masaa 45. Majaribio ya miezi 3, kwa maandishi. CNSS, matibabu na likizo kufuatana na sheria. Zaidi ya hayo: chakula cha saa sita, na simenti kwa bei ya kununulia. Kuomba ni bure.»

Karatasi hii ina mipaka. Si kontra, haiwezi kuchukua nafasi yake. Na katika depo ya watu wanne, kuna siku mvua itaingia na wote watabeba mifuko, mshika estoki pia. Hakuna anayekataa hilo. Lakini siku ya namna hiyo inajulikana kuwa ni ya dharura, kwa sababu kazi ya kila siku imeandikwa. Tena mwisho wa miezi 3 ya majaribio, Mama hana haja ya kuangalia uso wa mtu. Atachukua majukumu matano, aulize moja baada ya lingine: limefanyika, ao halikufanyika?

Na wewe utakayeona tangazo la «Asistanti wa Jumla» kesho asubuhi, kabla ya kutuma siivii, mpigie mwenye kulitoa, umuulize maswali mawili tu. Nani anashika funguo ya depo? Na nani anashika keshi? Akijibu «wewe, vyote viwili», mwambie akuandikie hiyo, na asaini.